Sura na muhtasari wa video vilivyotungwa na mashine: namna ya kuvipima kabla ya kuvifuata

Ukifungua video ndefu kwenye YouTube utaona mstari wa muda chini yake umekatwa vipande, na kila kipande kina kichwa chake. Vipande hivyo ndivyo sura. Wakati mwingine juu ya maelezo ya video kuna pia aya fupi inayosema video nzima inahusu nini. Mtu mwenye haraka, au mwenye bando la kuhesabu, husoma aya ile, huruka hadi sura inayomhusu, husikiliza dakika mbili na kuondoka. Ni matumizi halali kabisa, na mwongozo huu haukukatazi. Unachohitaji ni kujua lini vichwa hivyo vinatosha, lini havitoshi, na namna ya kugundua tofauti kwa dakika chache badala ya kuitazama video nzima.

Wenye chaneli waliruhusiwa kugawa video zao kwa sura mwaka 2020, na kabla mwaka huo haujaisha YouTube ilikuwa imeanza kujaribu sura zinazotungwa na mashine. Mei 2022, kwenye mkutano wa Google I/O, kampuni ilisema sura za mashine ziko tayari kwenye video milioni 8, na lengo ni kufika milioni 80. Majaribio ya muhtasari yalifuata mwaka 2023. Sura za mashine huwashwa zenyewe mpaka mwenye chaneli azizime, na wengi hawajui kama kuna cha kuzima. Ndiyo maana unaweza kukuta kichwa cha sura ambacho mwenye video mwenyewe hajawahi kukisoma.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme kuna video ya dakika 42 ya Kiswahili: mtangazaji anamhoji mtaalamu wa mifugo kuhusu chanjo za vifaranga vya kuku wa nyama. Nimeutunga mfano huu, ila makosa yaliyomo ni ya aina zinazojirudia, na nimechagua chanjo kwa sababu hapo kosa la neno moja linaua banda zima. Sura za mashine zinasomeka hivi:

```
0:00  Utangulizi
3:40  Chanjo ya kideri
11:05 Maji ya bomba
14:30 Chanjo ya gumboro
29:10 Kuku wagonjwa
38:20 Maswali
```

Muhtasari, ambao umetoka kwa Kiingereza kwa sababu simu ya msomaji imewekwa lugha hiyo, unasema kwamba mtaalamu anashauri kuchanja kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14 na kurudia kideri siku ya 21. Kwamba chanjo huchanganywa na maji ya bomba na kunyweshwa "1 AM". Na kwamba kuku wagonjwa hupona baada ya kuchanjwa. Sentensi zimenyooka, hazina hata kosa moja la kisarufi. Yaliyomo ni ya kweli kwa sehemu, na ya hatari kwa sehemu nyingine.

Kwanza, jua nani ameandika

Fungua maelezo ya video kwa kubofya "...more". Mwenye chaneli akiwa ameandika sura mwenyewe, utaziona ndani ya maelezo yake: mstari mmoja mmoja, dakika ikiwa ya rangi ya buluu mwanzoni, kisha kichwa. Ikiwa mstari wa muda umekatwa vipande lakini kwenye maelezo hakuna orodha yoyote ya dakika, sura hizo zimetoka kwa mashine. Hata mwenye chaneli akiamua kuzirekebisha sura za mashine, orodha iliyorekebishwa huingia kwenye maelezo, kwa hiyo kipimo hiki kinashika.

Sura za mwenye video nazo zina hila zao. Kuna wanaoandika "SIRI KUBWA" kwenye dakika ya 30 ili usubiri. Lakini hiyo ni hila ya mtu anayejua alichosema. Mashine haina hila, ila pia haijui kilichosemwa kwa namna unayokijua wewe uliyesikiliza.

Pili, angalia maandishi yametoka wapi

Hatua hii ndiyo inayobeba nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mashine haitungi muhtasari moja kwa moja kutoka kinywani mwa msemaji. Kwanza sauti hugeuzwa kuwa maandishi, yale yale unayoyaona kama manukuu chini ya video. Kisha maandishi hayo ndiyo yanayofupishwa. Kwa sura, mashine huweza pia kusoma maandishi yanayoonekana kwenye picha, kama vile slaidi au bango nyuma ya msemaji. Iwe muhtasari umetolewa na YouTube yenyewe au na kiongezi ulichoweka kwenye kivinjari chako, malighafi kwa kawaida ni manukuu yale yale.

Maana yake ni kwamba kosa lina milango miwili ya kuingilia. Laweza kuingia sauti inapogeuzwa maandishi, na laweza kuingia maandishi yanapofupishwa. Wengi wanaojitahidi kuhakiki hufungua manukuu, wakaulinganisha muhtasari nayo, wakaona vimekubaliana, wakaridhika. Hapo wamefunga mlango mmoja tu. Kama manukuu yalikosea, muhtasari utakubaliana nayo vizuri sana, kwa sababu umetoka humo humo.

Kwa hiyo bofya alama ya gia kwenye video, chagua "Subtitles/CC", usome orodha. Lugha ikifuatwa na "(auto-generated)", manukuu ni ya mashine. Lugha ikisimama peke yake bila maneno hayo, kuna mtu aliyeyapakia, na hali ni nzuri zaidi. Tazama pia ni lugha gani iliyotajwa. Video ya Kiswahili ambayo manukuu yake ya mashine yameandikwa kuwa ya Kiingereza, au ya lugha nyingine yoyote, ni video ambayo mashine ilisikia Kiswahili ikidhani ni kitu kingine. Muhtasari wowote uliojengwa juu ya manukuu hayo uache hapo hapo, usiendelee na hatua nyingine. Hali hii hutokea sana pale msemaji anapoanza kwa salamu ndefu za Kiingereza kabla ya kuingia kwenye somo, au anapochanganya lugha mbili ndani ya sentensi moja, jambo ambalo Nairobi na Dar ni mazungumzo ya kawaida tu.

Usisome manukuu yaliyotafsiriwa. YouTube hukuruhusu kuchagua "Auto-translate", lakini hiyo ni tabaka la tatu juu ya mawili. Kwa uhakiki, rudi kwenye lugha aliyoizungumza msemaji.

Tatu, vunja muhtasari uwe madai

Usiuhakiki muhtasari kama aya. Aya huteleza, unasoma unaona "inaelekea kuwa sawa". Chukua karatasi au fungua noti kwenye simu, andika kila dai peke yake. Muhtasari wetu unatoa madai manne: ratiba ya siku 7, 14 na 21, maji ya bomba, saa ya kunywesha, na kuku wagonjwa kupona.

Sasa yapange kwa gharama ya kukosea. Mtu akikosea jina la mtangazaji hakuna kuku anayekufa. Akikosea maji, siku au kipimo, anapoteza pesa na vifaranga. Hakiki yale ya gharama kubwa kwanza, na ukichoka ishia hapo. Kwa kawaida madai ya kuanza nayo ni yale yenye namba, yenye saa au tarehe, yenye katazo au ruhusa, na yale yanayosema fulani kasema hivi. Hizo aina nne ndizo zinazoharibika zaidi. Dai la jumla kama "video inaeleza ratiba ya chanjo" halikosei mara nyingi, kwa sababu halisemi kitu.

Nne, tafuta mahali lilipotoka kila dai

Kwenye kompyuta, fungua tena maelezo ya video, shuka hadi chini ubofye "Show transcript". Manukuu yote yatafunguka pembeni, kila mstari na dakika yake. Bonyeza Ctrl+F uandike neno la dai lako. Usiandike neno refu. Kiswahili hubandika mambo mengi kwenye kitenzi kimoja, na mashine huweza kukigawa au kukiandika vingine. Kwa dai la maji andika "bomba", usiandike "yakitumiwa". Kwa dai la wagonjwa jaribu "gonjwa", ambalo litashika mgonjwa, wagonjwa na magonjwa kwa pamoja. Kwa chanjo, "chanj" bila irabu ya mwisho litakupa chanjo, chanja, kuchanjwa.

Neno lisipopatikana kabisa, kuna mawili: mashine ililiandika vibaya, au halikusemwa. Majina ya dawa, ya vijiji na ya watu ndiyo huandikwa vibaya zaidi. Tafuta basi neno la jirani ambalo lazima lingetajwa pamoja nalo.

Ukipata mstari, bofya dakika yake, kisha bonyeza J mara mbili. Kila J hurudisha sekunde 10. Usianzie kwenye neno lenyewe, kwa sababu kinachogeuza maana mara nyingi kiko nyuma yake. Kwenye simu gusa mara mbili upande wa kushoto wa video, itarudi nyuma vivyo hivyo.

Tano, sikiliza, hapa manukuu hayana kauli

Tuyapitie madai manne moja baada ya jingine.

La maji. Manukuu kwenye 11:20 yanasema: "maji ya bomba muyatumie yakiwa yametoka tu bombani yana klorini yanaua chanjo". Muhtasari umefupisha hilo kuwa tumia maji ya bomba, na kwa jicho la haraka umefuata maandishi. Lakini soma tena: yanaua chanjo, halafu tuyatumie? Sentensi inajipinga yenyewe, na hiyo ni dalili ya kwamba kitu kimeanguka. Ukisikiliza utamsikia mtaalamu akisema "msiyatumie". Silabi moja, tena isiyokaziwa sauti, imemezwa na kelele za feni au na mwendo wa maneno.

Kiswahili kina udhaifu huu mbele ya mashine. Ukanushi wetu hukaa ndani ya kitenzi, kwenye silabi fupi ya mwanzo: mtumie na msitumie, anafaa na hafai, imeisha na haijaisha. Haukai kama neno zito linalosimama peke yake. Binadamu husikia ukanushi hata silabi ikififia, kwa sababu anajua kinachozungumzwa. Kwa hiyo kila dai la ruhusa au katazo lisikilizwe kwa masikio, hata kama manukuu na muhtasari vimeafikiana. Na kwa habari hii ya maji, mtaalamu yuko sahihi: chanjo za kideri zinazonyweshwa kwenye maji ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini huviua kabla havijafika kwa kuku.

La saa. Kwenye 12:40 mtaalamu anasema wanyweshe "saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali". Manukuu yameandika sawasawa, "saa moja asubuhi". Kosa limeingia kwenye mlango wa pili: aliyefupisha kwa Kiingereza amechukua "moja" na "asubuhi" akaandika "1 AM". Saa moja asubuhi ni 7 AM. Anayefuata muhtasari ataamka saa saba usiku kunywesha vifaranga vilivyolala. Hapa mfugaji atacheka na kujua kuna kosa, lakini chukua saa ya mkutano, ya basi, au ya kumeza dawa ya binadamu, ambako saa yoyote inawezekana, halafu uone nani atagundua. Kanuni yangu ni rahisi: saa yoyote iliyotajwa kwenye muhtasari wa Kiingereza uliotokana na mazungumzo ya Kiswahili naihesabu kuwa haijathibitishwa mpaka niisikie. Ukiona imepishana kwa saa sita kamili, sababu umeipata.

Namba nazo zina mtego wake. Msemaji akisema "elfu ishirini na tano", je, ni 25,000 au 20,005? Kwenye bei ya mfuko wa chakula sote tunajua ni 25,000. Mashine huandika tarakimu moja ikamaliza, na baada ya hapo huoni tena kwamba palikuwa na shaka. Namba ikiwa kubwa, isikilize, kisha ujiulize kama inaingia akilini kwa jambo linalozungumzwa.

La wagonjwa. Kwenye 29:50 kuna sauti inayosema: "kuku akiugua ukamchanja, anapona". Manukuu yameandika hivyo hivyo, na safari hii hakuna silabi iliyopotea. Ila anayesema si mtaalamu. Ni mtangazaji, na ameanza na "kuna wafugaji wanasema". Mtaalamu anajibu papo hapo kwamba chanjo si dawa, na kuku aliyekwisha ugua hachanjwi, wanachanjwa wazima. Manukuu ya mashine kwenye YouTube hayaonyeshi nani anaongea. Mara nyingi mstari unafuata mstari kana kwamba ni mtu mmoja. Kwa hiyo mahojiano, midahalo, mawaidha yenye maswali, na vikao vya bunge ndivyo vinavyopotoshwa zaidi kwa namna hii: hoja inayopingwa hugeuka hoja ya anayeipinga. Dai linaposema "mtaalamu anasema", usisikilize maneno tu, sikiliza sauti ni ya nani, kisha endelea kusikiliza nusu dakika zaidi ili usikie kama kuna "hapana", "lakini" au kicheko.

La ratiba. Hili limesimama. Siku ya 7, ya 14 na ya 21 zimetajwa wazi na mtaalamu mwenyewe. Lakini ameongeza kwamba pale gumboro inaposumbua kuna kurudia siku ya 28, na kwamba ratiba ifuate maelekezo ya chanjo uliyonunua na ya afisa mifugo wa eneo lako. Muhtasari umeiacha sehemu hiyo. Sharti na nyongeza ndizo za kwanza kukatwa, kwa kuwa mfupishaji huona sentensi kuu ndiyo habari. Rudi kwenye manukuu utafute "isipokuwa", "lakini", "kama", "ikiwa" na "inategemea" karibu na kila dai ulilolithibitisha. Kazi ya dakika mbili, na hapo ndipo utakapookota vitu vingi vilivyoachwa.

Kwa hiyo kati ya madai manne moja limebaki, tena limepungua. Usichukue hilo kuwa kiwango cha makosa ya mashine kwa jumla. Mfano huu nimeujaza makosa makusudi. Somo refu la mtu mmoja anayesoma slaidi kwa sauti safi hutoa muhtasari mzuri, na mara nyingi hutakuta cha kusahihisha.

Sita, pima sura kwa mipaka na kwa urefu

Kichwa cha sura kina kazi ndogo kuliko muhtasari. Kinakuambia hapa panazungumzwa nini. Hakikuambii nini kilisemwa. "Maji ya bomba" kwenye 11:05 ni kichwa sahihi. Mada ni hiyo kweli. Lakini aliyekisoma bila kusikiliza anaweza kuelewa kinyume, kwa sababu vichwa vya mashine hupenda nomino tupu, na nomino haina ndiyo wala hapana.

Mpaka unapimwa hivi. Nenda mwanzo wa sura, rudi nyuma sekunde 30 hadi 60, sikiliza mpaka uuvuke. Kwenye video yetu sura ya "Kuku wagonjwa" inaanza 29:10, pale slaidi mpya inapotokea kwenye kioo. Swali la mtangazaji lililofungua mada hiyo liliulizwa 28:25. Anayerukia kwenye sura anakosa sekunde 45, na ndani yake kuna maneno "ukishaona kinyesi cha kijani, usichanje, mwite daktari". Mpaka ukichelewa, unakosa swali. Ukiwahi, unasikia mkia wa mada nyingine na kudhani ni wa hii. Pima mipaka mitatu hivi: mmoja wa mwanzoni, mmoja wa katikati na mmoja wa mwishoni. Ikiwa miwili kati ya hiyo imepotoka, acha kuzitumia sura kurukia na utafute maneno kwenye manukuu.

Kisha tazama urefu. Sura iliyo ndefu kuliko zote ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuficha mada isiyo na jina. Yetu ni "Chanjo ya gumboro", kuanzia 14:30 hadi 29:10, karibu dakika 15. Ukipitia manukuu yake utaona kwamba baada ya dakika ya 22 gumboro haitajwi tena. Mtaalamu amehamia kwenye uchanganyaji: vifaranga vinyimwe maji saa moja hadi mbili ili viwe na kiu, maji yenye chanjo yaishe ndani ya saa mbili, na chanjo isafirishwe kwenye kibebeo chenye barafu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote kwenye video nzima, na haina kichwa. Mashine haikuona slaidi mpya, mada ikaelea ndani ya jina la jirani.

Ukitaka kumtumia mtu mahali hasa, usimpe sura. Mpe kiungo chenye sekunde. Bofya video kwa kitufe cha kulia, chagua "Copy video URL at current time", au ongeza mwenyewe mwishoni mwa kiungo kirefu:

```
&t=1705s
```

Hiyo ni 28:25, yaani dakika 28 mara 60, jumlisha 25. Kwenye kiungo kifupi cha youtu.be ambacho hakina alama ya kuuliza, andika `?t=1705`.

Unapokosa muda wa yote hayo

Kuna siku utakuwa kwenye foleni ya duka la dawa za mifugo, simu mkononi. Basi fanya mambo mawili tu: angalia kama manukuu ni ya lugha sahihi, kisha sikiliza kwa masikio dai moja lenye gharama kubwa zaidi, ukianzia sekunde 20 nyuma. Likianguka, usiuamini muhtasari uliobaki. Likisimama, madai mengine yabaki kuwa fununu, si maelekezo.

Na kumbuka kwamba uhakiki huu unathibitisha kwamba video imesema hivyo. Hauthibitishi kwamba video iko sahihi. Kuna watu wanafundisha upuuzi kwa sauti safi na slaidi nzuri, na mashine huufupisha upuuzi huo kwa uaminifu mkubwa. Kwa chanjo, karatasi iliyomo kwenye boksi ya chanjo ina kauli kubwa kuliko video yoyote.

Kama video ni yako

Ingia YouTube Studio, fungua "Content", chagua video, kisha "Details", halafu "Show more". Utakuta mahali pa "Automatic chapters". Ondoa alama ya kuruhusu. Kwa video zijazo, kuna "Settings", kisha "Upload defaults", kisha "Advanced settings", uizime hapo mara moja. Lakini kuzima tu kunamwacha mtazamaji bila njia. Andika zako kwenye maelezo, na mashine itakupisha. Masharti ni matatu: mstari wa kwanza uwe 00:00, orodha iwe na dakika zisizopungua tatu zikipanda kwa mpangilio, na kila sura ifike angalau sekunde 10.

Andika vichwa vinavyobeba kauli, si nomino tupu:

```
00:00 Utangulizi
03:40 Kideri: siku ya 7, kurudia siku ya 21
11:05 Usitumie maji ya bomba yenye klorini
14:30 Gumboro: siku ya 14
22:00 Kuchanganya: maji yaishe ndani ya saa 2
28:25 Kuku mgonjwa hachanjwi
38:20 Maswali ya wafugaji
```

Linganisha na orodha ya mashine hapo juu. Mtu anayesoma hii bila kubofya chochote hawezi kutoka na imani kwamba maji ya bomba yanafaa. Vichwa hivi pia huweza kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji wa Google chini ya video yako, kwa hiyo wapo watakaovisoma bila kufungua video kabisa.

Kwenye Studio fungua pia "Subtitles", usahihishe manukuu. Huna haja ya kusahihisha dakika zote 42. Tafuta sehemu zenye katazo, namba, saa na majina ya dawa, urekebishe hizo. Unapokuwa kwenye kamera, saidia manukuu kabla hayajaandikwa: badala ya "msiyatumie" peke yake, sema "ni marufuku, msiyatumie", na baada ya "saa moja asubuhi" ongeza "jua likichomoza".

Na kama video si yako, waandikie wenyewe kwenye maoni, dakika kwanza, kisha kosa: "11:20, manukuu yameandika muyatumie, mtaalamu amesema msiyatumie." Mwenye chaneli akipata ujumbe wa namna hiyo anarekebisha kwa dakika moja. Akipata "manukuu yenu mabovu" hana pa kuanzia.